Maumivu Yanayopenya Hadi Mgongoni

Ninyi nyote mlioko Muhuru Bay, Sori, Macalder na Migori mjini, na ninyi ndugu zetu wa upande wa Homa Bay, Mbita na Sindo, najua saa hizi wengine mnashona nyavu, wengine mnaanua omena kabla mvua haijafika, na wengine mko dukani na redio iko juu ya rafu. Iongezeni sauti kidogo. Leo tunazungumza juu ya maumivu ya tumbo ya aina moja, maumivu ambayo mtu akishayapata hayasahau. Na tutaulizana swali moja kubwa: kwa nini mtu aliyeyapata mara moja akapona yuko katika hatari asiyoiona?

Tuanzie ziwani. Ninyi mnaovua omena mnajua kuliko mimi kwamba kazi yenu inafuata mwezi. Usiku wa giza, taa zinawekwa juu ya maji, omena wanavutwa na mwanga, wavu unashushwa. Mwezi ukikomaa, mwanga wake unazishinda taa na mashua nyingi zinabaki ufuoni. Basi hizo ndizo siku ambazo pesa za giza bado ziko mfukoni na kazi hakuna. Na wengi wetu tunajua siku hizo zinakwenda wapi. Zinakwenda kwa mama pima, kwenye chang'aa, au kwenye baa ya bia, tangu asubuhi mpaka usiku, siku tatu, siku nne mfululizo.

Tumchukue mvuvi mmoja. Huyu nimemtunga kwa ajili ya mazungumzo yetu, msianze kutafuta ni nani. Ana miaka 34. Amekunywa hivi, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya miaka kumi, na anavuta sigara. Mwezi huu amekunywa siku nne na kula kidogo sana. Siku ya tano ameamua kupumzika, hajagusa kitu. Alfajiri ya siku ya sita anaamshwa na maumivu.

Sikilizeni vizuri maumivu yenyewe yalivyo, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Yanaanzia juu ya kitovu, pale kwenye chembe cha moyo. Hayaji na kuondoka kama msokoto wa kuhara. Yanapanda kwa muda mfupi, kisha yanakaa pale pale, makali, saa baada ya saa. Yanapenya hadi mgongoni, mgonjwa anahisi kama yametokea upande wa pili. Akilala chali yanazidi. Akiketi na kuinama mbele, amekumbatia magoti, yanapungua kidogo, na kwa hiyo mara nyingi utamkuta amejikunja hivyo ukingoni mwa kitanda. Anatapika, anatapika tena, lakini kutapika hakumpi nafuu hata kidogo. Tumbo la juu limejaa gesi na halitaki kuguswa.

Narudia, kwa wale waliofungua redio sasa hivi: maumivu makali ya juu ya tumbo, yasiyokatika, yanayopenya mgongoni, pamoja na kutapika kusikoleta nafuu, kwa mtu aliyekuwa akinywa sana. Na angalieni jambo hili: mara nyingi hayaanzi akiwa bado ameshika glasi. Huanza siku moja au mbili baada ya kuacha. Ndiyo maana mvuvi wetu anamwambia mkewe, "Si pombe hii, mimi jana sikunywa."

Ni nini kinachoendelea humo ndani? Nyuma ya tumbo la chakula, karibu kabisa na uti wa mgongo, kuna kiungo kirefu na chembamba kiitwacho kongosho. Urefu wake ni kama sentimita 15 hadi 20. Kwa sababu liko nyuma kiasi hicho, likiumia, mgongo nao unalia. Kongosho lina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza insulini, inayosimamia sukari ya damu. Ya pili ni kutengeneza maji makali ya kumeng'enya chakula, zaidi ya lita moja kwa siku, na kuyapeleka kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija. Maji hayo yana vimeng'enya vinavyoweza kuvunja nyama, samaki na mafuta. Sasa jiulize: kama vinaweza kuyeyusha nyama ya mbuta, mbona haviyeyushi kongosho lenyewe, ambalo nalo ni nyama? Ni kwa sababu kongosho huvitoa vikiwa vimelala. Huamka vikishafika kwenye utumbo.

Pombe nyingi ya muda mrefu inaharibu mpango huo. Inaziumiza chembe za kongosho, inafanya maji yake yawe mazito hadi mirija midogo inaziba, na vimeng'enya vinaamka vikiwa bado ndani. Vikiamka humo, vinaanza kumeng'enya kile kilicho karibu, yaani kongosho lenyewe na mafuta yanayolizunguka. Hapo linavimba, na maji ya damu yanavuja kutoka kwenye mishipa kuingia tumboni. Ndiyo maana mgonjwa anakauka, mdomo mkavu, mkojo kidogo, moyo unakwenda mbio, hata kama hakuharisha wala kutoka damu.

Si kila mnywaji anapata ugonjwa huu, na ni haki niseme hivyo. Wengi wanaokunywa sana hawaupati, ingawa ini na mambo mengine yanaweza kuwapata. Wanaoupata, kwa kawaida wamekunywa sana kwa miaka, mitano au zaidi, na sigara huongeza hatari. Lakini hakuna kipimo cha kukuonyesha mapema kwamba wewe umo katika wachache hao. Utajua siku ile ya alfajiri.

Hapa kuna fikra moja nataka tuiondoe, maana naisikia kila mahali. Watu wanasema, "Mimi sinywi chang'aa mbaya, nakunywa safi." Fikra hiyo ina chanzo chake. Mwezi Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu ikiwemo, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyochanganywa na methanoli. Tangu hapo tumejifunza kuogopa pombe yenye sumu, na tulifanya vyema. Lakini kongosho halijali kama pombe ina leseni au haina. Bia ya chupa, busaa, chang'aa, mvinyo wa kanisa la nani sijui, vyote vina kilevi kile kile, na ni kilevi chenyewe kinachoumiza. Kinachohesabika ni kiasi. Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi kitupu. Glasi ya mililita 250 ya pombe ya kupikwa, ikiwa na nguvu ya asilimia 40, ina takriban gramu 80. Maana yake glasi moja hiyo ni sawa na bia nne. Na chang'aa haina kibandiko cha kukuambia nguvu yake. Aliyekunywa glasi tatu anadhani amekunywa tatu, kumbe amekunywa kumi na mbili.

Turudi kwa mvuvi wetu. Yuko nyumbani, amejikunja. Nini kinafuata? Kwanza jirani anasema, "Ni vidonda vya tumbo." Anapewa dawa ya asidi ya unga, anaitapika. Wa pili anamletea vidonge vya maumivu kutoka dukani, vile vya diklofenaki, ambavyo mwili uliokauka ukivipata vinaweza kuziumiza figo. Wa tatu, rafiki wa kweli kabisa, anamwambia anywe glasi moja atoe loki. Ndugu zangu, hiyo glasi ni kuongeza kuni. Saa sita zimepita hapo, na ni saa za maana.

Afanye nini? Asinywe pombe, asipewe miti shamba, asilazimishwe kula. Apelekwe hospitali siku ile ile. Ninajua habari za usafiri wa kwetu, najua bodaboda ya usiku na najua barabara. Hata hivyo apelekwe. Akiwa na yoyote kati ya haya, msingoje hata kupambazuke: anapumua haraka au kwa shida, anachanganyikiwa, mkojo umekatika, mikono na miguu ni baridi, macho yamekuwa ya manjano, ana homa kali, au tumbo lote limekuwa gumu kama ubao. Hilo la mwisho linaweza kuwa kidonda kilichotoboka, na kilichotoboka ni cha upasuaji. Wewe nyumbani huwezi kutofautisha. Hata daktari hafanyi hivyo kwa macho tu.

Daktari anafanyaje? Anatafuta mambo matatu, na akipata mawili kati yake ametosheka. La kwanza ni yale maumivu jinsi tulivyoyaeleza. La pili ni kipimo cha damu cha vimeng'enya vya kongosho, lipasi au amilasi, kikiwa kimepanda angalau mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. La tatu ni picha inayoonyesha kongosho limevimba. Tena atataka altrasaundi ya kifuko cha nyongo, hata kwa mtu anayenuka pombe, kwa sababu mawe ya nyongo nayo huziba mrija na kuleta ugonjwa huu huu. Mama ambaye hajawahi kuonja pombe anaweza kuupata kwa njia hiyo. Kwa hiyo, kina baba, msimwone jirani amelazwa kwa kongosho mkaanza kumsema.

Na matibabu? Hapa niwe mkweli kwenu. Hakuna dawa ya kuvilaza tena vimeng'enya vilivyoamka. Hospitali inamshikilia mgonjwa hadi moto uzime wenyewe: dripu ya kurudisha maji, dawa ya nguvu ya maumivu, oksijeni akihitaji, na chakula chepesi mara tu anapoweza kukistahimili. Dawa za kuua vijidudu hapewi tangu mwanzo kama hakuna maambukizi. Ndugu wa mgonjwa hulalamika kwamba dripu inakwenda polepole. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha kumwaga maji kwa kasi na kuyatoa kwa kiasi, na ukasimamishwa mapema kwa sababu waliomwagiwa kwa kasi walizidiwa na maji mwilini bila kufaidika zaidi. Muuguzi anayeihesabu ile dripu anajua anachofanya.

Kuna jambo moja mgonjwa lazima aliseme, na naomba mke au ndugu aliseme kama yeye ataona haya: anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Mtu aliyezoea pombe kila siku akikatika ghafla kitandani, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kupata kifafa. Akijulikana mapema anapewa dawa ya kutuliza na vitamini B1. Akificha, hali hiyo inamkuta mahali pabaya. Wauguzi hawaulizi ili wakupeleke kwa chifu.

Basi mvuvi wetu alipelekwa Migori. Siku ya nne maumivu yakaisha, akala uji, akala samaki, siku ya sita akarudi nyumbani. Na hivi ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Katika kila wagonjwa kumi, kama wanane hupata ule mwepesi, unaopoa ndani ya wiki moja hivi. Ni habari njema. Lakini, msikilizaji, kwa maoni yangu habari njema hiyo ndiyo inayotuua. Mtu anatoka hospitali akiwa mzima, anasema, "Ilikuwa tu tumbo." Mwezi unakomaa tena.

Kwa nini mara ya pili ni hatari? Sikiliza sana hapa.

Jambo la kwanza: kupona mara ya kwanza hakukuhakikishii kitu mara ya pili. Wale wawili waliobaki katika kumi wanapata ule mzito. Sehemu ya kongosho inakufa. Figo zinaweza kusimama, mapafu yakajaa, na ile nyama iliyokufa ikaingiwa na vijidudu wiki kadhaa baadaye. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, pengine mashine ya kupumulia na ya kusafisha damu, na hizo hazipo katika kila hospitali ya ukanda wetu. Katika wanaopata ule mzito, hata hospitali kubwa za dunia hupoteza wengi. Kila shambulio jipya ni kuingia tena katika bahati nasibu hiyo.

Jambo la pili ni la polepole, nalo ndilo watu hawalijui. Kongosho lililoungua halirudi kuwa lilivyokuwa. Penye jeraha panaota kovu. Wavu uliokatika ukiuunga kwa mafundo utaendelea kuvua, lakini ukikatika mara tano, sita, unabaki na mafundo matupu na matundu hakuna. Makovu hufanya hivyo kwenye kongosho. Watafiti waliokusanya kazi nyingi pamoja waliona kwamba baada ya shambulio la kwanza, kama mtu mmoja katika kumi huishia kwenye ugonjwa wa kudumu wa kongosho. Kwa waliorudiwa na mashambulizi, ni zaidi ya mmoja katika watatu. Toka mmoja katika kumi hadi zaidi ya mmoja katika watatu. Pima mwenyewe.

Ugonjwa wa kudumu unaonekanaje? Mvuvi wetu akiendelea kunywa, baada ya miaka kadhaa tutamwona hivi. Maumivu hayangoji tena pombe, yanakuja kila akila. Anaanza kuogopa chakula. Anakonda, na watu ufuoni wanaanza kunong'ona kwamba ana virusi. Choo chake kinakuwa na mafuta, kimepauka, kina harufu kali isiyo ya kawaida, kwa sababu vimeng'enya vya kuvunja mafuta havitoshi. Hata akila omena sahani nzima, chakula kinampita. Zipo tembe za vimeng'enya za kumezwa pamoja na mlo, lakini ni ghali na atazihitaji siku zote. Halafu insulini nayo inapungua na anapata kisukari. Kisukari hiki ni kigumu kuliko kile tulichozoea, maana kongosho limepoteza pia kile kinachopandisha sukari inaposhuka. Akidungwa insulini kisha akanywa pombe bila kula, sukari inaweza kuanguka ghafla. Mtu kuanguka hivyo nyumbani ni hatari. Akianguka hivyo usiku, ndani ya mashua, katikati ya ziwa, nani atamshika?

Sasa swali la mwisho. Je, inatosha kupunguza? Mtu akishapata shambulio moja la kongosho kwa pombe, jibu langu ni hapana, aache kabisa, na sigara pia. Najua neno hilo ni zito ufuoni, ambako kukataa glasi ni kama kumkataa mwenzako. Lakini kuacha kunawezekana, na watu wakisaidiwa kunawezekana zaidi. Huko Finlandi madaktari waliwachukua wagonjwa 120 waliopata shambulio lao la kwanza kwa pombe. Wote waliongea na muuguzi wakiwa wodini. Nusu yao wakaitwa tena kila baada ya miezi sita, kuongea tu, muuguzi na mgonjwa: pombe, shida za nyumbani, kazi. Baada ya miaka miwili, katika kundi lililoongea mara moja, watu 13 walikuwa wamerudiwa. Katika kundi lililoitwa tena na tena, walikuwa 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Hapakuwa na mashine wala dawa ya bei mbaya. Ni mazungumzo yaliyorudiwa, na mazungumzo hata kituo chetu cha afya kinaweza kuyatoa.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyewahi kulazwa kwa maumivu haya, hata kama ni mwaka juzi, hata kama ulipona kabisa. Wiki hii nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, sema wazi, "Niliwahi kuvimba kongosho kwa sababu ya pombe," kisha uombe tarehe ya kurudi kuongea, na nyingine baada ya miezi sita. Kama unakunywa kila siku, usijikatie ghafla peke yako nyumbani, waambie wakusimamie. Kama unaona haya kuanzia hapo, mamlaka ya NACADA ina simu ya bure, namba 1192. Na ninyi wenye mashua, mwenzenu akirudi kutoka hospitali na kusema hanywi tena, mpeni kazi ya siku za mwezi, ya kushona nyavu au kupaka mashua rangi, wala msimsukumie glasi.